Tiki Mbili za Bluu: Kwanini Vijana wa Masasi na Newala Wananyimwa Dakika 15 za Wakubwa

Kuna kijana mmoja wa Masasi, mtanashati, anajua kuongea, msimu uliopita alipata namba ya bosi mmoja wa mambo ya ubora kwenye kampuni inayonunua korosho. Namba aliichomoa kwenye grupu la Watsapu la harusi. Akaandika hivi: "Mambo bosi, naomba koneksheni hapo ofisini kwenu, nipo tayari kwa kazi yoyote." Ilikuwa saa 3 usiku, mwezi wa kumi na moja, korosho zimejaa maghalani na mnada ni kesho yake. Hakujibiwa. Asubuhi akapiga mara sita. Mchana akatuma meseji ya sauti ya dakika nne. Jioni akaona tiki mbili za bluu na kimya, halafu picha ya bosi ikapotea. Kabloku.

Basi akaingia mtaani na wimbo ule ule: wakubwa wana roho mbaya, bila ndugu hutoboi, mtoto wa mkulima hana chake.

Bosi huyo huyo, miezi mitatu baadaye, alimpa dada mmoja mwenye kibanda cha uwakala wa pesa pale Masasi dakika 22 za simu. Hawana undugu wowote. Hajawahi kumuona. Dada ni wa kidato cha nne, kwao ni Newala, mama yake ana mikorosho kama nyumba nyingi za kule juu. Sasa kama bosi ana roho mbaya, hiyo roho ilikwenda likizo siku ile?

Ukweli usemwe. Wakubwa wengi hawanyimi dakika 15. Wananyima kitu kisichokuwa na mwisho. Mtu akiandika "naomba tuongee kidogo bosi", anayesoma anajua kinachokuja: kazi, ada ya mtoto, nauli, mchango, na baada ya hapo simu za kila wiki kuulizia "ile ishu yangu imefikia wapi". Hiyo "kidogo" haina uzio. Mtu mwenye akili anakaa mbali na shamba lisilo na mpaka.

Kuomba dakika 15 za kuuliza kuhusu kazi ya mtu ni ombi la aina yake. Siyo usaili na siyo kuomba mchongo. Unamuomba mtu akueleze anachokiona kutoka kwenye kiti chake, ili wewe uamue jambo lako. Na yule dada alikuwa na jambo la kuamua kweli kweli. Mama yake alikuwa ameingiziwa malipo ya korosho benki, na kati ya hizo alikuwa tayari kumtolea binti shilingi milioni 1.2. Kulikuwa na kozi fupi inatangazwa mitandaoni, ya Dar es Salaam, ya "utaalamu wa ubora wa mazao", na cheti juu. Milioni 1.2 kwa familia inayoishi kwa mikorosho siyo ya kujaribia. Hiyo ni palizi na salfa ya msimu ujao.

Hapa kuna watu watacheka. Mtoto wa Newala anasema korosho ni fani ngeni? Ndiyo, na hilo ndilo watu wa huku hawalisemi. Mkulima anaijua korosho mpaka inapopimwa kwenye mzani wa AMCOS. Ikishapanda gari kwenda ghala kuu, inaingia dunia nyingine kabisa. Kuna watu wa sampuli, watu wa maghala, watu wa vyama vikuu, TANECU kwa upande wa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa upande wa Masasi, kuna Bodi ya Korosho kule Mtwara, kuna wanunuzi wenye mezani zao za kupimia. Mfumo wa stakabadhi ghalani upo Mtwara tangu 2007, na bado nyumba nyingi zinachojua ni bei iliyotangazwa mnadani na siku hela ilipoingia. Kilichotokea katikati hawakijui.

Turudi kwa dada. Kwanza alichagua mtu sahihi. Vijana wengi wakisema "mkubwa" wanamaanisha mkurugenzi. Mkurugenzi hajashika sampuli muda mrefu, na maswali yako atayajibu kwa hotuba. Anayetakiwa ni mkubwa wa kazi yenyewe, yule anayesimamia watu wanaoifanya kila siku na anayeamua nani achukuliwe. Kwa kazi ya kupima korosho, ni msimamizi wa ubora. Huyo wa kwetu ni mama wa makamo, miaka mingi kwenye maghala ya kusini.

Pili, njia ya kumfikia. Huku kwetu mtu haendi kwa mkubwa hivi hivi, anapelekwa, na huo utaratibu una maana yake. Mshenga anamwambia mkubwa kwamba huyu anayekuja ana kwao. Dada alikumbuka kwamba mwalimu wake wa zamani wa sekondari anasali na yule mama. Akamuomba mwalimu kitu kimoja tu: aulize kama anaweza kutoa namba. Hakumuomba amwombee kazi, wala amsemee maneno. Mwalimu akauliza, mama akasema sawa, namba ikatoka kwa ruhusa.

Ona huyo mshenga alivyo mbali. Siyo mjomba, ni mwalimu wa miaka saba iliyopita. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliwahi kuwauliza wafanyakazi wa mji wa Newton, karibu na Boston, walipataje kazi zao, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliopata kupitia mtu, chini ya mmoja kwa watano ndio walikuwa wanaonana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote ilikuwa ni mtu wa kuonana mara moja moja, au wa nadra kabisa. Sababu haina uchawi. Ndugu zako na marafiki zako wanajua unachokijua wewe. Mtu wa mbali ndiye anayekaa palipo na habari usizonazo. Kwa hiyo anayelia kwamba hana mjomba ofisini, aanze kuhesabu waalimu, wauguzi, makarani wa AMCOS na wateja wa kibandani.

Tatu, ujumbe. Dada aliuandika mara nne kabla ya kuutuma, na ulikwenda hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa (jina lake kamili), nipo Masasi, nina kibanda cha uwakala wa pesa. Namba yako nimepewa na mwalimu wangu baada ya kukuomba ruhusa. Kwetu ni wakulima wa korosho Newala, lakini kazi ya kupima ubora ghalani siijui, na nataka kuielewa kabla sijalipia masomo. Naomba dakika 15 za simu, nina maswali matatu. Siombi kazi wala msaada wa fedha. Nitapiga mimi. Jumanne au Alhamisi saa 11 jioni, au muda wowote utakaokufaa. Kama una shughuli nyingi, nitaelewa mama."

Hebu isome tena taratibu. Shikamoo ipo, kwa sababu bila hiyo kule kwetu hujaanza kuongea. Lakini baada ya shikamoo hakuna "za siku nyingi", "familia hawajambo", "za kazi", halafu kusubiri ujibiwe ndipo useme shida. Huo mtindo wa kutuma "Shikamoo" peke yake na kunyamaza unaua maombi mengi sana. Mkubwa anaiona namba ngeni imesalimia, anajua kuna shida nyuma yake, anaiacha. Mweleze mtu kila kitu kwenye meseji moja ili aweze kukubali kwa neno moja.

Halafu kuna ile sentensi ya "siombi kazi wala msaada wa fedha". Hiyo ndiyo uzio wenyewe. Watu wanaogopa kuiandika, wanaona wanajifungia mlango. Ni kinyume. Ukishaitoa kazi mezani, mkubwa hana cha kukunyima, anaweza kuongea huru. Ila sasa ukiiandika uiheshimu. Anayesema hataki kazi halafu dakika ya kumi anauliza "kwani hamna nafasi?" amedanganya, na mwalimu aliyetoa namba ataumbuka pamoja naye.

Na "nitapiga mimi". Huyo ni mkubwa na muda wake umeuomba wewe, vocha ni yako. Kumbipu mtu ili akupigie kwa ajili ya shida yako ni utoto.

Wakati nao una kesi yake. Korosho za Mtwara zinaanza kuingia maghalani kama mwezi wa kumi na kazi inachemka mpaka kuelekea mwisho wa mwaka na Januari. Katika miezi hiyo mtu wa ubora hana muda hata wa kula. Ndio maana yule kijana wa mwanzo, hata kama angeandika vizuri, bado angekuwa amegonga mlango nyumba ikiwa inaungua. Dada alituma mwezi wa pili. Hata hivyo, wiki nzima ilipita bila jibu. Akatuma ukumbusho mmoja, mstari mmoja: "Shikamoo mama, nakumbusha ombi langu la dakika 15, kama haitawezekana naelewa pia." Jibu likaja kesho yake. Ukumbusho mmoja baada ya wiki ni adabu. Wa pili ni usumbufu, hapo tafuta mtu mwingine.

Jibu lenyewe nusura liharibu kila kitu. Mama aliandika: "Alhamisi 10:00." Sasa hiyo ni saa kumi jioni ya kwetu, au ni saa nne asubuhi kwa saa za ofisini? Watu wa kampuni za kusafirisha nje wanaandika saa za kizungu kwa mazoea. Dada angenyamaza angepiga jioni na kumkuta mama alishamsubiri asubuhi akakata tamaa. Akaandika: "Asante mama, Alhamisi saa 4 asubuhi, nimeelewa sawa?" Jibu: "Ndiyo." Neno moja la "asubuhi" liliokoa mwezi mzima wa kusubiri. Kila miadi ya simu iandikwe hivyo.

Siku ya simu alimwachia mdogo wake kibanda, akakaa ndani na daftari, na saa ya ukutani mbele yake. Maswali matatu alishayaandika. La kwanza, msimu ukikolea siku ya mtu wa ubora inakwendaje toka asubuhi mpaka jioni. La pili, sampuli ikikataliwa, mara nyingi shida inakuwa wapi. La tatu, watu wa kidato cha nne ambao mama amewahi kuwaona wakiingia kwenye kazi hii, waliingilia mlango gani.

Tazama maswali yenyewe. Hakuna hata moja ambalo angeweza kulipata kwa kusoma kipeperushi. Hakuna la "niambie siri ya mafanikio". Yote yanauliza kitu ambacho mama amekiona kwa macho yake. Mtu akiulizwa alichokiona, anafunguka. Akiulizwa ushauri wa jumla anatoa methali.

Swali la kwanza lilijibiwa kwa dakika tano, na picha ikabadilika. Dada alidhani ni kazi ya koti jeupe na darubini. Mama akamwambia ni vumbi, kuchoma magunia na bambo kutoa sampuli, kupima unyevu, kisha kuhesabu na kukata. Unachukua kilo moja ya korosho ghafi, unazikata zote, unapima uzito wa kokwa nzuri, na zile zenye madoa unachukua nusu ya uzito wake. Akampa mfano: nzuri zikiwa gramu 272 na za madoa gramu 16, unahesabu 272 na 8, jumla 280. Gunia la hesabu ni kilo 80, kwa hiyo ni kilo 22.4 za kokwa, ukigeuza kuwa paundi ni kama 49. Hiyo 49 ndiyo wanunuzi wanaibishania. Mtu wa kibanda cha pesa, anayeshinda na hesabu kutwa nzima, akagundua hesabu siyo ya kumtisha.

La pili likamshangaza zaidi. Mama alisema mara nyingi shida inaanzia nyumbani: korosho haijakauka, unyevu umepita asilimia 10, au mtu kachanganya za msimu uliopita na mpya ili kuongeza kilo. Dada ameanika korosho tangu yupo darasa la pili. Anajua kwa kuzitikisa mkononi ipi imekauka. Yaani nusu ya hiyo "fani ngeni" alikuwa anayo, hakujua tu kwamba ina jina na ina bei.

La tatu ndilo lilikuwa la milioni 1.2, ingawa mama hakujua. Akajibu kwamba wa kidato cha nne aliowaona wote waliingia kama vibarua wa msimu. Wanabeba sampuli, wanaandika namba kwenye daftari, wanafundishwa pale pale mezani. Kwa nafasi ya kudumu ya maabara yeye anaangalia stashahada au shahada ya chakula au kilimo. Cheti cha kozi ya wiki chache hajawahi kumuuliza mtu. Maana yake ile kozi imekaa katikati: haihitajiki kwa wa chini na haitoshi kwa wa juu.

Dakika ya 13 dada akasema: "Mama, zimebaki dakika mbili za muda nilioomba." Hapo ndipo mama alipocheka na kusema aendelee tu. Zile dakika saba za ziada zilitoka kwa mwenyewe. Nyongeza ni haki ya mwenye muda kuitoa, aliyeomba hajiongezei. Na swali la kuagia likawa: "Kuna mtu mwingine mama ambaye ningefaa kumuuliza?" Akatajiwa baba mmoja mtunza ghala.

Mtu mmoja ni dirisha moja, na waliofurahishwa na simu ya kwanza hulisahau hilo. Mama anaona mambo kwa jicho la mwajiri. Yule mtunza ghala, kwenye simu ya pili, alisema kitu ambacho mama asingekisema: malipo ni ya siku kwa siku, msimu ukiisha umeisha, na mwaka korosho ikiwa chache mnarudishwa mapema. Dada akapiga hesabu akaona mgongano ambao hakuna tangazo la kozi lingemwonyesha. Msimu wa korosho ndio msimu wa kibanda chake pia. Wakulima wakilipwa ndipo watu wanapanga foleni kutoa na kutuma. Akifunga kibanda aende ghalani, anapoteza miezi yake minono ili apate ujira wa kibarua.

Sasa neno kwa madada, maana upande huu haufichiki. Simu ya dakika 15 ina faida moja ambayo haisemwi sana: inafanyika kwa simu. Kuna wakubwa wakiombwa simu wanajibu "haya mambo hayaongeleki kwenye simu, njoo tuonane hotelini jioni". Maswali matatu kuhusu kazi yanaongeleka kwenye simu vizuri tu. Jibu ni fupi: "Asante baba, basi nitakuja ofisini saa za kazi." Akikataa na ofisi pia, umeshajua alichokuwa anakitaka. Na akisema waziwazi kwamba mlango unafunguliwa kwa mwili, hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Zitunze meseji, usizifute kwa hasira au aibu. Ndiyo sababu nyingine ya kutuma maombi mchana kwa maandishi, siyo saa 3 usiku.

Wapo watakaosema haya yote ni mambo ya Wazungu, kwetu mtu anakwenda kumsalimia mkubwa na kuku mkononi. Kuku ni mzuri, lakini kuku anamfunga mkubwa kwenye deni, na mwenye deni hasemi ukweli, anaahidi. "Nitakuangalizia" ndilo jibu la kuku. Waliokaa miaka wakisubiri "nitakuangalizia" Masasi hii hii wapo kibao.

Jioni ile ile dada alituma shukrani, mistari mitatu, akitaja kitu kimoja alichojifunza: habari ya kuchanganya korosho za zamani na mpya, na kwamba ameshampigia mama yake simu kumwambia. Milioni 1.2 haikwenda Dar. Laki nane ziliongezwa kwenye mtaji wa kibanda, nyingine zikarudi shambani Newala. Mwezi wa tisa, kabla maghala hayajafunguliwa, akamwandikia tena yule mama kwamba hakulipia kozi, alizungumza na mtunza ghala, na kama hatasumbua angependa kuja Jumamosi mbili msimu ukianza kuangalia tu watu wanavyokata sampuli, bila malipo, kibanda akimwachia mdogo wake.

Mama akajibu siku hiyo hiyo: "Njoo na viatu vya kufunika, na daftari."